Tovuti ya Parokia Isihame na Mtu

Kijana aliyeitengeneza tovuti ya parokia akipata kazi mkoa mwingine, mara nyingi tovuti huondoka naye. Jina lake lilisajiliwa kwa barua pepe yake, kikumbusho cha malipo ya mwaka kinamfikia yeye, na nenosiri analijua peke yake. Ratiba ya Pasaka ya mwaka juzi itakaa ukurasa wa mbele mpaka muda wa jina uishe, kisha kila kitu kitoweke.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua barua pepe ya parokia yenyewe, inayofunguliwa na katibu na mhazini, na kuitumia kusajili jina. Tanzania, vikundi visivyo vya biashara hutumia .or.tz na shule .sc.tz, Kenya ni .or.ke na .sc.ke. Ada ya jina iingie kwenye bajeti ya kila mwaka, kama bili ya umeme.

Baada ya hapo ndipo tugawane kazi. Tuseme mmechagua WordPress, programu ya bure ambayo gharama yake hasa ni kukodi nafasi ya kuiweka mtandaoni. Kila mtu apewe akaunti yake. Nenosiri moja likizunguka kwenye kundi la WhatsApp, tangazo likifutwa hamtajua nani kalifuta.

Wapeni watu wawili ngazi ya Administrator. Mmoja hatoshi, maana anaweza kuugua au kupoteza simu; watano ni wengi mno, kwa kuwa ngazi hiyo inaweza kuvuruga tovuti nzima. Katibu awe Editor: anasahihisha na kuchapisha habari za yeyote. Vijana wanaoanza wawe Contributor. Wanaandika, wanabonyeza "Submit for Review", na habari inamsubiri katibu.

Hapa ndipo wengi hukwama. Contributor hawezi kupandisha picha, na mwanakwaya aliyetoka kupiga picha za tamasha atadhani simu yake ni mbovu. Mpandisheni awe Author, ila mjue kuwa sasa anachapisha habari zake bila kukaguliwa. Hata hivyo Author hagusi kurasa za kudumu. Ratiba ya misa ikiwekwa kama ukurasa, yaani "Page", na siyo kama habari ya kawaida, ni Editor na Administrator tu watakaoibadilisha. Mimi naona hiyo ni heri: saa ya misa ikikosewa, watu wanafika kanisani wakati wa baraka ya mwisho.

Mtu akihama, akaunti yake ifutwe, lakini taratibu. WordPress itauliza habari alizoandika ziende wapi. Ukichagua "Delete all content", kazi yake yote inafutika pamoja naye. Chagua "Attribute all content to", kisha umtaje katibu.