Pilipili ya Usiku, Tumbo la Asubuhi

Ukila mishkaki usiku na kachumbari iliyokolea pilipili mbuzi, moto unaousikia tumboni kwa kawaida si kidonda. Kapsaisini, kemikali inayoifanya pilipili iwe kali, hushika vipokezi vya neva vinavyotambua joto, navyo huupelekea ubongo habari ya kuungua ilhali hakuna kilichoungua. Vipokezi hivyo vimetanda toka mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Utumbo ukichokozwa hivyo husukuma chakula mbiombio, maji yanakosa muda wa kufyonzwa, na asubuhi unaharisha. Sehemu ya kapsaisini hutoka ikiwa bado kali, ndiyo maana hata chooni panawasha. Mara nyingi hali hutulia yenyewe. Lakini ukiona homa au damu kwenye kinyesi, usiisingizie pilipili: nenda ukapimwe.