Mpe Mpinzani Wako Aya Nzima

Makala za maoni zinazoletwa kwenye jarida letu kuhusu lugha ya kufundishia Tanzania hufanana kama sare za shule. Zote zinataka Kiswahili na zote, zikifika aya ya nne, huwatukana wazazi. Muhula huu tulipata moja iliyoanza hivyo hivyo ikaishia kwingine, na mwandishi wake, mwanachama mwenzetu, ameniruhusu nieleze ilivyobadilika.

Hoja kuu ya rasimu yake ya kwanza ilikuwa kwamba wakati umefika wa kukipa Kiswahili hadhi yake katika elimu. Hebu mtafute mtu wa kuipinga. Mwenye shule binafsi ataikubali, waziri ataikubali, nasi tutapiga makofi. Tume ya Makweta ilikwisha kupendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikakitaja kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Hata hivyo mtoto wa kidato cha kwanza bado anasoma baiolojia kwa Kiingereza. Hadhi haijakosa watetezi. Kilichokosekana ni kusema nani afanye nini, na kuanzia wapi.

Akaandika upya: serikali ifundishe masomo yote ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwa Kiswahili, na mtihani wa kidato cha nne utungwe kwa Kiswahili. Hapo sasa mtu mwenye akili zake anaweza kusema hapana, tena akatoa sababu. Ndipo nilipojua kwamba makala imepata hoja.

Ikabaki ile aya ya nne: "Wapo wanaong'ang'ania Kiingereza kwa sababu ya kasumba ya kikoloni." Nilimwuliza hao "wapo" ni akina nani. Neno hilo huwa dalili, maana mara nyingi mwandishi hajazungumza na hata mmoja wao. Huyu alikuwa naye nyumbani. Yeye mwenyewe alisoma shule ya mchepuo wa Kiingereza Mwanza, ada ikitoka kwenye duka la vitenge la mama yake. Je, mama ana kasumba? Alinyamaza kidogo, kisha akasema atampigia simu.

Mama alimweleza habari za kaka yake mkubwa, aliyesoma shule ya msingi ya serikali miaka saba kwa Kiswahili. Alipoingia kidato cha kwanza masomo yaligeuka Kiingereza, naye akawa ananakili ubao bila kuelewa. Ada ya mdogo ililipwa ili yasimpate hayo. Mpaka hapo mwandishi wetu alifurahi, kwani ushuhuda huo ulikuwa wa upande wake: ukuta ukiondolewa, ada haihitajiki. Lakini mama aliendelea. Chuo kikuu kitabaki cha Kiingereza, na usaili wa kazi nyingi vilevile. Wenye pesa watawanunulia watoto wao Kiingereza popote. Ukikiondoa madarasani, anayekikosa ni mtoto wa mkulima.

Hiyo ndiyo hoja ya kujibiwa, na ni nzito kuliko kasumba. Rasimu iliyofuata ilitishika nayo mno, ikamalizia kwa kusema kila upande una ukweli wake. Nikairudisha. Kumtendea haki mpinzani hakumlazimishi mtu kuacha msimamo. Kunamtaka aeleze kwa nini, baada ya kumsikia, bado anao.

Rasimu ya mwisho inampa mama aya nzima, ya tatu, mapema kabla msomaji hajaanza kubishana peke yake. Haina alama za kejeli wala maneno kama "eti". Jibu linafuata: mtoto asiyeelewa somo hapati baiolojia wala Kiingereza, kwa hiyo darasa la sasa halimpi mtoto wa mkulima kile ambacho mama anahofia atanyang'anywa. Kisha mwandishi anakiri kwamba hofu ya mama kuhusu chuo na usaili ni ya kweli, na kukiri huko kunaigusa hoja kuu yenyewe. Sasa inasema mabadiliko yaanze kwenye shule ambazo tayari zina walimu waliosomea kufundisha Kiingereza kama somo. Baadhi yetu tuliona amelegeza, kwa kuwa sharti hilo linaweza kuchelewesha mambo miaka mingi. Alijibu kwamba bila sharti hilo hana la kumwambia mama yake.

Kabla ya kutuletea, alimsomea mama ile aya ya tatu kwa simu. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote: anayepingwa aisikie hoja yake na kusema ndiyo, ndivyo ninavyosema. Mama alisema ndivyo. Akaongeza kwamba angekuwa na mtoto mwingine, ada angelipa tu.

Sentensi hiyo nayo imo kwenye makala, ukurasa unaofuata.