Ripoti ya mazingira kwa lugha ya mwanakijiji

Nchini Tanzania, kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005 zinataka ripoti iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kazi ngumu ni kurahisisha bila kupotosha.

Tuchukue mfano wa machimbo ya kokoto. Ripoti inasema: “Athari za vumbi ni ndogo baada ya hatua za kupunguza.” Mwandishi mwenye haraka ataandika: “Vumbi litakuwa dogo.” Hapo ameshapotosha, kwani udogo huo unategemea barabara kumwagiwa maji. Kiangazi gari la maji likiharibika, vumbi litaingia majumbani.

Muhtasari mzuri ungesema hivi: “Malori yatatimua vumbi, hasa kiangazi, kwenye nyumba zilizo kando ya barabara. Kampuni imeahidi kumwaga maji asubuhi na mchana. Isipofanya hivyo, vumbi litakuwa kubwa. Mtu wa kupokea malalamiko ni huyu, na simu yake ni hii.” Sentensi zimeongezeka, lakini sasa mama mwenye mtoto wa pumu anajua la kudai.

Ripoti ikisema kisima “huenda” kikapungua maji, neno hilo libaki, pamoja na sababu ya shaka. Kulifuta ni kuwadanganya watu.

Kabla ya kuchapisha, wasomee wanakijiji wachache, kisha waombe wakueleze walichoelewa. Wakisema “vumbi halitakuwepo,” andika upya.