Somo Limeeleweka, na Nani?

Mwishoni mwa andalio la somo katika shule za Tanzania huwa kuna nafasi za tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni. Wengi hujaza "Somo limeeleweka", sentensi isiyomsaidia hata aliyeiandika.

Tuseme somo ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, darasa la wanafunzi 48, zoezi la maswali matano. Tathmini ya wanafunzi itoke kwenye madaftari yaliyosahihishwa, si kwenye "ndiyo mwalimu" ya darasa zima: "Wanafunzi 31 wamepata maswali manne au zaidi. 12 wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wakaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Watano hawakumaliza."

Hapo mwalimu hajitaji kabisa. Zamu yake inafuata: "Nilionyesha hatua za KDS ubaoni, ila sikuonyesha kwa nini asili zilingane kwanza." Kuandika "nimetumia zana" katika nafasi ya wanafunzi ni kukwepa swali, zana zilitumika, lakini wamejua nini?

Maoni sasa yanajiandika: kesho hao 12 wakunje karatasi, waone kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile 1/2 waliyoanza nayo.