Mzigo Wangu Uko Wapi?

Mteja wa Mwanza aliyelipa kwa simu, akasubiri siku tatu bila kuuona mzigo, hapigi kuuliza. Anafoka. "Nyie matapeli, nirudishieni hela yangu!"

Simu ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya mwenye duka moja la vyombo Kariakoo awakalishe chini wafanyakazi wapya wawili kabla ya kufungua. "Wanangu, huyo ana hofu," aliwaambia. "Duka ameliona kwenye simu tu. Hela imeshatoka, mzigo haonyeshwi. Anajua ameibiwa."

Hoja hiyo ina uzito, maana inabadilisha jibu la kwanza. Kumwambia mtu huyo "tulia" ni kumchochea. Anachotaka ni ushahidi kwamba duka lipo na linamfahamu. Basi aachwe amalize bila kukatizwa, kisha asomewe daftari la oda: "Pole sana, dada. Nakuona hapa. Seti ya sufuria, ulilipa Jumatatu, tukapakia Jumanne." Mara nyingi sauti huanza kushuka hapo.

Hatari inayofuata ni ahadi. "Utaupata leo" hutoka mdomoni kirahisi, ilhali mzigo uko mikononi mwa watu wa basi. Ahadi ambayo mpokea simu anaimudu ni ya kupiga: "Nitakupigia saa nane mchana, hata kama sijaupata." Saa nane ikipita kimya, hofu ya mteja inakuwa imethibitishwa.

Mama huyo akawapa mfano. Mteja mmoja wa Mwanza aliambiwa mara mbili na ofisi ya basi kwamba hana mzigo pale. Dukani wangeweza kuapa kuwa wameutuma, wakabishana mchana kutwa. Binti aliyepokea simu akaitoa risiti ya basi na kusoma namba ya mpokeaji tarakimu moja moja, akiilinganisha na namba iliyokuwa inapiga. Kwenye risiti palikuwa na 6 mahali pa 9. Mzigo ulikuwa umelala stoo tangu jana yake, na ofisi ilikuwa ikimpigia mtu mwingine kabisa. Duka likawapigia wakarekebisha, mteja akatumiwa picha ya risiti, akaenda kuuchukua.

"Na ukiwa umepotea kweli, mama?" mmoja akauliza.

Hapo mpokea simu asiseme "hilo kosa la basi", kwa sababu mteja alililipa duka. Wala asiahidi kurudisha hela, kwani uamuzi huo si wake. Anaandika malalamiko na kumfikishia mwenye duka siku hiyohiyo. Kuwadai wenye basi ni kazi ya duka. Na mteja akiporomosha matusi ya nguoni, wamepewa ruhusa ya kusema, "Naomba upigiwe baada ya dakika kumi," kisha wakate. Simu hiyo ya pili anaipiga mwenye duka mwenyewe.