Miezi mitatu ya majaribio na siku 28 za notisi

Kijana anayepewa mkataba wake wa kwanza wa kazi huusoma akitafuta kitu kimoja: mshahara. Akiuona anasaini, anarudisha karatasi kwa ofisa utumishi na kuulizia siku ya kuripoti. Mistari miwili au mitatu inayozungumzia kipindi cha majaribio na notisi huipita kama maelezo ya kawaida, ilhali hiyo ndiyo itakayoamua ataondokaje siku mambo yakienda kombo.

Tuchukue mfano wa binti aliyeajiriwa kuwa karani wa stoo katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza. Ameanza kazi tarehe 3 Machi kwa mshahara wa shilingi 650,000 kwa mwezi. Mkataba unasema atakuwa katika majaribio kwa miezi mitatu, na kwamba ndani ya muda huo kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba. Tarehe 19 Mei anaitwa ofisini na kukabidhiwa barua. Kazi imekwisha leo, imeandikwa, na atalipwa mshahara wa siku alizofanya kazi pamoja na siku saba badala ya notisi. Anasaini na kwenda nyumbani, maana mkataba ulisema hivyo hivyo.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya mwaka 2004, inazungumzia notisi katika kifungu cha 41. Siku saba ni kiwango cha chini kwa notisi inayotolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira. Mwezi huo ukishapita, anayelipwa kwa siku au kwa wiki anastahili siku nne, na anayelipwa kwa mwezi anastahili siku 28. Kifungu hicho hakimtengi aliye katika majaribio. Mkataba unaweza kuongeza siku hizo, mradi ziwe sawa kwa pande zote mbili, lakini hauwezi kuzipunguza chini ya kiwango cha sheria. Kwa hiyo sharti la siku saba lilikuwa halali kwa binti huyu mwezi Machi tu. Kufika Mei lilikuwa limeshapitwa.

Hesabu yake si ngumu. Jedwali la sheria hiyo linaupata mshahara wa wiki kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333. Shilingi 650,000 zikigawanywa hivyo zinatoa takriban 150,000 kwa wiki. Siku 28 ni wiki nne, yaani 600,000. Binti alipewa malipo ya wiki moja, hivyo bado anadai kama shilingi 450,000, mbali na mshahara wa siku za Mei alizokwisha kufanya kazi.

Barua yenyewe nayo ina masharti yake. Notisi lazima iwe ya maandishi, ionyeshe sababu ya kuvunja mkataba na tarehe iliyotolewa. Haitolewi mfanyakazi akiwa likizo, wala siku zake haziruhusiwi kwenda sambamba na siku za likizo. Bosi anayetamka tu mbele ya wenzako kwamba kesho usije hajatoa notisi.

Lakini je, binti anaweza kulalamika kwamba hakustahili kuachishwa kabisa? Hapa sheria inambana. Kifungu cha 35 kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo kwa muda usiofika miezi sita. Yeye ana miezi miwili na nusu. Anaweza kudai fedha za notisi na mshahara wake, ila hawezi kupita mlango huo kudai arudishwe kazini.

Watu wengi hufikiri kwamba mwezi wa tatu ukiisha bila neno lolote, basi mtu amethibitishwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kulikataa wazo hilo. Katika Rufaa ya Madai Na. 72 ya mwaka 2002, iliyomhusu aliyekuwa mwajiriwa wa Mamlaka ya Mapato, majaji walisema kipindi cha majaribio ni usaili unaoendelea kwa vitendo, na kwamba kuthibitishwa hakuji kwenyewe kwa sababu tu muda umekwisha. Mwaka 2019 Mahakama hiyo ilishikilia msimamo huo katika shauri la aliyekuwa mfanyakazi wa benki, ambaye muda wake wa majaribio ulikuwa umepita bila barua ya uthibitisho. Alihesabiwa kuwa bado yumo katika majaribio, na hakupata ulinzi anaoupata aliyethibitishwa.

Uamuzi huo ni mzito kwa mfanyakazi, kwa kuwa unamruhusu mwajiri mzembe kukaa kimya na kunufaika na ukimya wake. Hata hivyo mwajiri hakuachiwa uwanja mzima. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka aweke muda wa majaribio ulio wa kiasi, usiozidi miezi 12, kulingana na aina ya kazi. Anatakiwa kumpima mfanyakazi, kukutana naye mara kwa mara na kumwelekeza. Kabla ya kumwachisha, amweleze dosari alizoziona, amsikilize, kisha ampe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au kiongozi wa chama cha wafanyakazi katika kikao hicho.

Basi dawa ya ukimya ni karatasi. Wiki chache kabla ya muda kwisha, mfanyakazi amwandikie mwajiri barua fupi ya heshima, aombe tathmini yake na aulize kuhusu kuthibitishwa, kisha abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakiongeza muda, aombe nyongeza hiyo kwa maandishi, ikiwa na sababu na tarehe ya mwisho. Afadhali zaidi ni kuomba mapema, kabla ya kusaini, mkataba useme wazi kwamba asipopewa barua hadi tarehe fulani atahesabiwa amethibitishwa.

Notisi inamfunga mfanyakazi pia. Akipata kazi nzuri zaidi na kuondoka siku hiyo hiyo, mwajiri anaruhusiwa kukata katika malipo yake ya mwisho kiasi ambacho angelipwa katika siku za notisi alizokataa kuzifanyia kazi. Kwa karani wetu, kuondoka ghafla mwezi wa tatu kungemgharimu hadi shilingi 600,000.

Anayevuka mpaka kwenda kuajiriwa Kenya asiende na hesabu hizi. Sheria ya Ajira ya huko ya mwaka 2007 inaweka majaribio yasiyozidi miezi sita, na nyongeza ya hadi miezi sita mingine ni kwa ridhaa ya mfanyakazi. Notisi ya siku saba inatumika kwa kipindi chote cha majaribio.

Binti wa Mwanza, kwa upande wake, anapaswa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akiwa na mkataba, barua ya kuachishwa na hati za mshahara, na kujaza fomu namba CMA F.1. Dai la fedha za notisi hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu lilipoanza. Akichelewa, itambidi kwanza aiombe Tume imkubalie kufungua nje ya muda, na aeleze sababu za kuchelewa kwake.