Usianike Mbao, Andika Barua

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa msomaji anayejenga Singida mjini: kaletewa mbao za paina kutoka Mafinga, zimefika zimepinda na bado mbichi, anauliza azianike juani siku ngapi zinyooke.

Hata moja. Usizianike, usizipake oili chafu, usizipigilie ukitegemea misumari izinyooshe. Mwandikie aliyekuuzia.

Imani hii ya jua inaharibu mbao na inaharibu madai, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Ubao mbichi wa paina unaweza kubeba maji yenye uzito wa ubao mkavu wenyewe, na maji ya mwanzo yanapotoka umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ndipo ubao unapoanza kusinyaa, tena si sawasawa: kwa kufuata mzunguko wa pete za mti unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini. Uliopasuliwa karibu na kiini cha mti mchanga hujisokota kabisa. Kwa hiyo ubao uliopinda huku una maji ndio kwanza umeanza. Safari ya kupinda iko mbele yake.

Sasa uweke kwenye jua la Agosti na upepo wa Singida. Uso unakauka upesi, ndani bado pabichi, ncha zinapasuka. Watu hudanganyika kwa sababu ubao uliobinuka, ukiulaza mgongo juu asubuhi, jioni unaonekana umenyooka. Umesinyaa mgongoni tu. Ndani pakikauka unarudi ulikokuwa, na nyufa juu yake. Oili nayo hufungia unyevu ndani, kuvu wakapata makazi.

Hasara kubwa zaidi ni kwamba umempa muuzaji jibu: "Mbao zilipindia kwako, juani." Utambishia kwa ushahidi gani? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inakupa nafasi ya kukagua mzigo kabla ya kuhesabiwa kuwa umeukubali. Ukizikata na kuzipigilia, au ukikaa kimya muda mrefu, umeukubali. Unabaki na haki ya kudai fidia, si ya kuurudisha mzigo. Hata zile nzuri usiziguse kabla hamjaelewana, maana kukubali sehemu ya mzigo kunaweza kukufungia mlango wa kukataa uliobaki.

Zipange kivulini, upige picha, kisha upime. Vuta uzi wa fundi ncha hadi ncha, upime mwanya mkubwa kati ya uzi na ubao. Kata kipande kutoka katikati ya ubao mmoja, kwani ncha hukauka mapema, na muuzaji au mtu wake akiwepo ni bora. Kipime hapo hapo, kikaushe kwenye tanuri la joto la nyuzi 100 hivi mpaka uzito usishuke tena. Tuseme kilikuwa gramu 500, kikabaki 340: tofauti ni 160, igawe kwa 340, unyevu ni asilimia 47. Ubao mkavu wa kujengea hauzidi 20 hivi. Akisingizia mvua ya njiani, kipimo hiki kinamjibu: mvua ya safari hulowesha uso, haifiki moyoni mwa ubao.

Barua iwe fupi:

"YAH: MBAO ZILIZOPINDA NA ZENYE UNYEVU
Tarehe 6 Agosti nilipokea kwako mbao 120 za paina, moja kwa nane, futi 12, tulizokubaliana ziwe kavu (nakala ya risiti imeambatanishwa). Mbao 38 zimepinda sentimita 2 hadi 4, na kipande kilichopimwa kina unyevu wa asilimia 47. Mzigo siupokei hadi hizo 38 zibadilishwe. Uko kivulini, haujatumika, karibu uukague. Naomba mbao nyingine kavu, kwa gharama yako, kabla ya tarehe 20 Agosti, au unirudishie fedha."

Fedha zitajwe, kwa sababu sheria hiyo haimlazimishi kukubadilishia. Wala hulazimiki kuzirudisha Mafinga kwa gharama yako, isipokuwa mlikubaliana hivyo.

Akikubali kubadilisha, vizuri. Akitoa punguzo nawe ukaridhika, ziache kivulini wiki kadhaa, kila safu itenganishwe kwa vipande vya inchi moja kila futi mbili, uzito juu. Zilizojisokota zikate fupifupi. Akikataa, nenda Mahakama ya Mwanzo na barua, picha na risiti. Lakini kama ulinunua mbichi kwa bei ya mbichi, unyevu peke yake si kosa la muuzaji, na barua hii haitakusaidia.

Peleka nakala mbili, aliyepokea asaini yako na kuandika tarehe.